Dakika 30 za mashine ya gemu si dakika 30

Juzi tena mjumbe mmoja wa kamati ameniambia, "Wewe andika tu kila mtu dakika 30, bandika ukutani, basi." Basi? Ninasimamia chumba cha gemu cha kituo chetu, na tangazo la namna hiyo nimeshalibandika. Lilizaa ugomvi kila jioni.

Chukua zamu ya saa 10:00 hadi 10:30, vijana wawili, gemu ya mpira, kila kipindi dakika 6. Hizo ni dakika 12 za saa ya ukutani, ingawa saa ya ndani ya gemu inahesabu 90. Ongeza kuchagua timu, kupanga kikosi, mapumziko, na yule anayetaka marudio ya kila bao: mechi inakula dakika 17. Ya pili inaanza 10:18. Ikifika 10:30 saa ya gemu iko dakika ya sitini na kitu, aliyefungwa anafurahi muda umeisha, anayeongoza haachii pedi, na wenye zamu wamesimama mlangoni. Hapo nani ana haki? Tangazo langu lilikuwa kimya.

Kwa hiyo sasa linasomeka hivi: "Zamu huanza saa iliyoandikwa daftarini, si ulipofika. Kipindi ni dakika 4. Mechi mpya haianzi baada ya dakika ya 15. Dakika 2 za mwisho ni za kutoka kwenye akaunti yako na kurudisha pedi." Piga hesabu: kwa kipindi cha dakika 4, mechi nzima huchukua kama 13. Ya kwanza inaisha dakika ya 13, ya pili dakika ya 26. Hakuna anayekatwa katikati. Ukichelewa dakika 10, zamu inakwenda kwa anayesubiri. Hilo halina mjadala.

Mechi za mtandaoni nimezitengea zamu mbili mfululizo. Mzazi mmoja alinishauri "wasimamishe tu kidogo." Mama, upande wa pili kuna mtu anacheza! Huwezi kumgandisha hadi kesho, na ukitoka gemu nyingi zinakuhesabia umefungwa.

Na hiyo akaunti si urembo. Asiyetoka kwenye akaunti yake, anayefuata anaweza kuhifadhi mchezo wake juu ya ule wa aliyetangulia, ukafutika. Nimeona machozi.

Masasisho ya gemu nayapakua asubuhi kabla ya kufungua, yasile zamu ya mtu.

Panaponishinda ni gemu za hadithi. Baadhi zinahifadhi ulipofikia pale tu unapofika sehemu fulani ya mchezo, hakuna kuzihifadhi popote utakapo. Nimeruhusu dakika 5 za nyongeza, nazo kila mtu anadai "nimekaribia kufika." Wengine wanasema kweli. Mimi gemu hizo sizichezi, nitajuaje? Kwa sasa namuuliza anayefuata kwenye daftari kama yuko radhi kusubiri, na akikataa, nazima.