Ratiba ya maji haisemi unachodhani inasema

Wiki hii nimepigiwa tena, saa nne usiku: "Msimamizi, ratiba yako imeandikwa Jumatatu na Alhamisi, mbona Jumamosi hatuna maji?" Nimesimamia nyumba za kupangisha miaka mingi, na nikilipwa kwa kila swali la namna hii ningekuwa nami nina wapangaji wangu.

Ratiba iliyo kwenye mwongozo wa mpangaji inaeleza siku ambazo maji huingia kwenye tangi. Ya bombani kwako ni habari nyingine. Siku zilizobaki mnakunywa, mnaoga na kufua kwa akiba, na akiba hiyo ni ya jengo zima.

Chukua jengo la huyo aliyepiga simu. Lina nyumba nane, watu 32, na tangi la lita 10,000. Tangi likijaa Alhamisi usiku, linapaswa kuwafikisha Jumatatu usiku, yaani siku nne. Gawanya: lita 78 hivi kwa mtu kwa siku. Si utajiri, lakini yanatosha kwa watu wasiojaza mabeseni ya kuoga. Sasa kwa nini Jumamosi limekauka? Wapangaji walishapata jibu kabla sijafika: familia mpya ya ghorofa ya kwanza, yenye mtoto mchanga na nepi za kufua. Mgeni ndiye mwizi siku zote.

Mimi nilisubiri lijae tena, nikapanda juu na kijiti chenye alama. Tangi lile lina upana wa mita 2.2, kwa hiyo kila sentimita ya kimo ni lita 38 hivi. Saa tano usiku nikaweka alama, saa kumi alfajiri nikarudi. Maji yameshuka sentimita 8, kama lita 300, na watu wamelala. Tuseme sita waliamka kwenda msalani na kila flashi ikala lita 9: hizo ni 54. Zinabaki lita 250 kwa saa tano, sawa na 50 kwa saa, 1,200 kwa siku. Kwa siku nne ni lita 4,800, karibu nusu ya tangi. Nepi gani hizo?

Maji yanayopotea tuliyakuta kwenye vyoo viwili, na hapakuwa na hata tone sakafuni. Ndani ya tangi la flashi kuna bomba la wima la kupokea maji yanayozidi. Boya likikaa juu mno, au mpira wa valvu ya kuingizia ukichakaa, maji hupanda hadi mdomo wa bomba hilo na kuteremka kimya kwenye bakuli, usiku na mchana. Ili ujue, funua mfuniko utazame: maji yawe chini ya mdomo huo kwa sentimita 2 au 3. Yakiwa sawa na mdomo, shusha boya. Yakiendelea kupanda hata baada ya kushusha boya, mpira umekwisha. Funga koki ndogo ya ukutani kando ya choo, kisha mwite fundi bomba. Mpira wa chini, ule unaoziba tundu la kuflashi, nao huvujisha. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la flashi, usiflashi kwa nusu saa. Bakuli likigeuka rangi, kuna kasoro.

Na hapa nakiri kosa langu. Mwongozo wangu uliandika "piga simu bomba likivuja." Mpangaji wa kawaida akisoma "kuvuja" anawaza dimbwi. Wenye vyoo vile waliusikia ule mlio wa chururu kwa miezi, na kwao ukawa sauti ya nyumba. Nimeandika upya: "piga simu ukisikia maji yanatembea wakati hakuna aliyefungua koki."

Jambo jingine, bomba likikauka funga koki. Watu huiacha wazi wasikie maji yakirudi, kisha yanarudi wakiwa kazini.

Kurasa zilizobaki hazinisumbui sana. Taka zitoke asubuhi ya siku ya gari. Zikitoka jana yake, mbwa watazifungua. Gari liegeshwe penye namba yako, na mgeni wako hana namba. Saa za utulivu zinahusu pia kusogeza meza.

Nani alipie mpira wa choo? Mwongozo unasema vinavyochakaa kwa matumizi ya kawaida ni vya mwenye nyumba, vinavyovunjwa ni vya mpangaji. Sentensi inapendeza, ila mpira uliochakaa ukaachwa miezi sita bila taarifa sijui niuweke upande gani. Vile viwili nilimlipisha mwenye nyumba. Alinuna.

Familia ya ghorofa ya kwanza haijaombwa radhi na mtu.