Jifunze "put off" ndani ya sentensi yake

Mwanafunzi wa darasa letu la maandalizi ya mtihani wa Kiingereza wa B2 First wa Cambridge alinionyesha daftari lake. Upande wa kushoto aliandika vitenzi 40 vya Kiingereza vinavyoambatana na neno dogo: "put off", "put out", "put up with", "put away". Upande wa kulia aliweka maana kwa Kiswahili. Mbele ya "put off" aliandika "ahirisha", na maana hiyo ni sahihi.

Wiki hiyohiyo nikampa swali la mtindo wa sehemu ya nne ya karatasi ya kusoma na matumizi ya lugha. Sehemu hiyo ina maswali 6. Unapewa sentensi, kisha unakamilisha sentensi ya pili kwa maneno 2 hadi 5, ukitumia neno ulilopewa bila kulibadilisha, na maana ibaki ileile.

They postponed the match because of the heavy rain.
OFF
The match ________ of the heavy rain.

Jibu ni "was put off because". Yeye aliandika "has put off because", yaani mechi yenyewe ndiyo iliyoahirisha! Kila swali hapo lina alama 2, na jibu lililopatia nusu hupewa 1. Alama iliyompotea haikutokana na kutojua maana. Daftari lilimwambia "put off" ni nini, lakini halikumwonyesha kwamba mechi haiahirishi, huahirishwa, na kwamba kwa Kiingereza hilo linahitaji "was".

Orodha ina ubaya mwingine. Inapanga pamoja vitenzi vinavyofanana kwa sura, kisha kichwani vinagongana. Mtu akivisoma "put off", "put out" na "put away" usiku mmoja, asubuhi hajui kipi ni cha moto na kipi ni cha mkutano. Ukikutana na "put out" kwenye habari ya wazima moto, na "put off" kwenye habari ya mechi siku nyingine, kila kimoja kinabaki na picha yake.

Sasa rudi kwenye sentensi ya mechi, maana bado ina hazina. Ina "heavy rain". Sisi tunasema mvua kubwa, ndiyo maana wanafunzi wengi huandika "big rain". Vivyo hivyo tunakunywa dawa, wakati Mwingereza husema "take medicine". Na kitenzi chetu kufanya kinabeba kazi ya "do" na "make" pamoja, kwa hiyo "fanya kosa" huzaa "do a mistake" badala ya "make a mistake". Maneno yanayoandamana hivi ndiyo yanayopimwa sana katika sehemu ya kwanza, yenye maswali 8 ya kuchagua. Huko utaletewa maneno manne ambayo kwa Kiswahili yote yangefaa, na moja tu ndilo linalokubaliana na jirani yake.

Njia ninayoifundisha ni hii. Chukua habari fupi ya maneno kama 200, uisome mara ya kwanza kwa ajili ya kuielewa tu. Mara ya pili pigia mstari sehemu tano au sita zenye vitenzi vya aina hii au maneno yanayoandamana, si zaidi. Nakili sentensi nzima, sio kitenzi peke yake, kisha uiandike tena ukiacha pengo. Jaza pengo kesho yake, baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Mwisho tunga sentensi ya kweli kuhusu maisha yako kwa muundo uleule: "My cousin's wedding was put off because of the funeral."

Ukikisia maana kutokana na habari, hakikisha kwenye kamusi ya wanafunzi, kwa sababu kukisia kunaweza kukupotosha. "The smell put me off" haihusiani na kuahirisha; harufu ilinitoa hamu. Kwenye mifano ya kamusi angalia kinachofuata kitenzi: tunasema "put off going", si "put off to go". Angalia pia kiwakilishi kinakaa wapi. Ni "put it off", lakini ni "put up with it". Tofauti hiyo haionekani kamwe kwenye safu mbili za daftari.

Habari moja haitoshi, kwa kuwa kitenzi ulichokiona leo huenda usikutane nacho tena kwa miezi. Ndiyo maana ya yale mapengo ya kujaza. Na orodha usiitupe: wiki mbili kabla ya mtihani ifungue, uweke alama kwenye kila kitenzi ambacho unaweza kukumbuka sentensi uliyokikuta. Vilivyobaki bila alama ndivyo vya kwenda kuvitafutia habari.