Jua la saa sita halipigi picha ya sabuni

"Kaka, leo jua limewaka vizuri, nitoe bidhaa nje tupige picha?" Swali hili naulizwa hapa Mtwara kila wiki, na jibu langu halibadiliki: rudisha ndani. Jua kali linafaa kuanikia dagaa.

Dada mmoja wa Shangani anatengeneza sabuni za mafuta ya nazi, kila kipande kimegongwa jina lake. Alizilaza uwanjani saa sita mchana akapiga. Uso wa juu ukaungua ukawa mweupe mtupu, jina likapotea, na kando ya kila kipande kikabaki kivuli cheusi kama masizi. Herufi zilizogongwa zinaonekana kwa sababu ya vivuli vyake vidogo. Jua likiwa utosini linaingia hadi chini ya kila herufi, kwa hiyo vivuli hivyo havipo.

Tulihamia sebuleni. Meza nusu mita kutoka dirishani, taa ya dari imezimwa, maana mwanga wake wa njano ukichanganyika na wa dirisha sabuni inakuwa na rangi mbili. Karatasi ya manila nyeupe tukaibandika ukutani ikashuka hadi mezani kwa mkunjo laini, bila kona. Dirisha likawa ubavuni mwa sabuni, na upande wa pili tukasimamisha kipande kingine cha manila, umbali wa shubiri moja, kirudishe mwanga kwenye kivuli. Jina likasomeka herufi kwa herufi.

Kama una nafasi ya kuchagua, chagua dirisha la kusini. Tupo nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia Machi hadi Septemba jua la mchana linapita kaskazini mwetu na dirisha la kusini halipigwi. Likipigwa, tundika shuka jeupe jembamba.

Wengine husema simu yao mbovu kwa sababu manila nyeupe inatoka ya kijivu. Simu ni nzima. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Gusa sabuni kwenye kioo, shikilia (kwenye aifoni yatatokea maneno AE/AF LOCK), kisha telezesha kidole juu kidogo. Acha kabla kingo za sabuni hazijaanza kumezwa na manila.

"Sogeza simu karibu kabisa ndipo ionekane." Hili nalo si kweli. Simu nyingi zikikaribia chini ya sentimita 10 hivi picha inakuwa na ukungu, na kitu kidogo kama pete kinavimba upande ulio karibu. Rudi nyuma, kisha kata kingo baadaye.

Na pete ya fedha ni kioo. Juzi nilipiga moja, nilipoikuza picha nikakuta kwenye mviringo wake doa jekundu: fulana yangu. Nikatoboa manila tundu la kutosha kamera, nikapigia hapo nikiwa nimejificha nyuma yake. Doa likaondoka, fedha ikabaki nyeupe.