Wito mmoja, idara tano: kila mkuu wa idara ajue kwa nini anaitwa

Mimi ni katibu wa afya katika hospitali ya wilaya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaita kikaoni watu ambao hawako chini yangu: madaktari, wafamasia, maabara, wauguzi, uhasibu. Kwa miaka mingi niliandika wito ule ule tuliouzoea maofisini. "Yah: Kikao cha kujadili makato ya madai ya bima. Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Wakuu wote wa idara mnaombwa kuhudhuria bila kukosa." Barua inapigwa muhuri, mhudumu anaizungusha na daftari lake, kila idara inasaini kwamba imepokea. Siku ya kikao viti vinajaa, ila waliokaa ni wasaidizi, na kutoka idara moja amekuja kijana aliye mafunzoni. Nikiuliza swali najibiwa, "Mimi nimetumwa nije kusikiliza."

Jibu hilo lilinifundisha mengi. Mkuu wa idara aliisoma barua yangu, akatafuta jambo ambalo yeye peke yake angelifanya mle ndani, hakuliona. Ana foleni ya wagonjwa nje ya mlango. Akamtuma mtu. Barua yangu ndiyo iliyomruhusu.

Nilibadilisha namna ya kuita vikao kwa sababu ya hayo hayo makato. Kila mwezi hospitali inapeleka madai kwenye mfuko wa bima, na mengine yanarudi yamekatwa kwa kasoro za fomu. Safari hii, kabla ya kuandika wito, nilichukua fomu 40 zilizokatwa nikazipanga mezani kwa mafungu kufuata sababu ya kukatwa. Fungu la kwanza halikuwa na sahihi ya daktari. La pili lilikuwa na kipimo kilichodaiwa bila majibu yake kuambatanishwa. La tatu, ambalo ndilo lilikuwa nene kuliko yote, lilikuwa na dawa zisizolingana na alichoandika daktari.

Fungu hilo la tatu nilifikiri ni la famasi. Nikashuka dirishani nikakaa na mtoa dawa saa nzima. Nikaona mgonjwa anakuja na fomu, dawa iliyoandikwa imeisha, mtoa dawa anampigia daktari simu, daktari anakubali ibadilishwe, mgonjwa anaondoka na dawa mbadala. Kitabibu hakuna kosa. Ila fomu bado inasomeka dawa ya kwanza, na mfumo wa famasi unaonyesha ya pili. Kosa liko kati ya dirisha na chumba cha daktari, na hakuna idara moja inayoweza kulimaliza peke yake. Hapo ndipo nilipopata sababu ya kuziita idara mbili kwenye ajenda moja, kwa dakika zile zile.

Tangu siku hiyo huwa nafuata karatasi yenyewe kabla ya kuita mtu. Nachukua fomu moja na kuuliza: imepita kwa nani, nani aliweza kuizuia, nani ana taarifa ambayo wengine hawana? Kisha kwa kila idara najiuliza swali moja gumu: asipokuwepo huyu, ni uamuzi gani utashindikana? Nikikosa jibu, simwiti. Nampa nakala ya maazimio. Mhasibu, kwa mfano, nilimwondoa kwenye orodha. Nilichohitaji kwake ni kiasi kilichokatwa kwa miezi 3, na hicho alinipa kwa karatasi siku mbili kabla. Alinishukuru, maana kikao kiliangukia kwenye siku zake za kufunga hesabu za mwezi.

Wito ulioenda ulikuwa wa ukurasa mmoja. Juu niliandika uamuzi tunaoutafuta: "Kukubaliana utaratibu wa kurekebisha fomu ya bima kabla mgonjwa hajaondoka hospitalini." Chini yake kila idara ilikuwa na aya yake. Ya famasi ilisomeka hivi: "Unahitajika ili tukubaliane nani anaandika kwenye fomu pale dawa inapobadilishwa dirishani. Tafadhali njoo na orodha ya dawa zilizoisha mwezi uliopita. Ajenda ya 1, saa 8:00 hadi 8:30 mchana." Ya madaktari: "Unahitajika kuamua kama daktari wa zamu anaweza kusaini mabadiliko ya dawa kwa niaba ya mwenzake aliyekwisha ondoka. Ajenda ya 1 na ya 2." Maabara waliitwa saa 8:30, TEHAMA saa 8:45 kwa swali moja tu: je, mfumo unaweza kukataa kuchapa fomu ambayo haina majibu ya kipimo?

Katika kila aya kuna mambo matatu: uamuzi anaoushikilia, kitu cha kuja nacho, na muda wake. Muda una uzito mkubwa. Mtu wa maabara akijua anahitajika dakika 15, anakuja mwenyewe. Ukimshikilia saa mbili kusikiliza habari za famasi, mara ijayo utamwona msaidizi wake. Saa 8 nayo sikuichagua kwa bahati. Asubuhi madaktari wako raundi.

Maneno ya ile sababu yanataka uangalifu. Rasimu yangu ya kwanza ilisema, "Famasi waeleze kwa nini dawa hazilingani na fomu." Mfamasia akisoma hivyo anakuja na faili la kujitetea, na nusu saa yote inaisha kwa kutafuta mkosaji. Naandika kile anachokijua au anachoweza kukiamua, wala sitaji kosa lake. Pale asipoweza kuja, barua inasema mwakilishi awe na ruhusa ya kuamua jambo lililotajwa kwenye aya ya idara yake. Kwa kuwa jambo lenyewe limeandikwa, mkuu wa idara anaweza kumpa msimamo kabla hajamtuma.

Barua inasainiwa na Mganga Mfawidhi, au mimi nasaini kwa niaba yake. Daktari bingwa haitwi na katibu kwa jina la katibu. Ila kabla haijaenda, napita kwa kila mkuu na rasimu mkononi namsomea aya yake. Safari ile, hatua hiyo iliniokoa. Matroni hakuwemo kwenye orodha yangu. Nilimkuta koridoni, akaiangalia rasimu akaniuliza, "Katibu, mgonjwa wa wodini akiruhusiwa, fomu yake inakusanywa na nani?" Inakusanywa na muuguzi wa zamu. Fomu zangu 40 zote zilikuwa za wagonjwa wa nje. Za wodini sikuwa nimezigusa. Nikamwandikia aya yake: aje na fomu 5 za waliolazwa wiki ile, na tuamue nani anazikagua wakati wa kuruhusu mgonjwa.

Walikuja wakuu wenyewe, isipokuwa wa maabara, na mwakilishi wake alikuja na jibu. Ajenda ya 1 iliisha kabla ya muda. Pendekezo la kwanza lilikuwa mtoa dawa aandike dawa mbadala kwenye fomu kwa kalamu nyekundu, mgonjwa aipeleke kusainiwa, ndipo apewe dawa. Mkuu wa madaktari akakataa hapo hapo mgonjwa mzee kurudishwa ghorofani kwa ajili ya sahihi. Wakakubaliana fomu hizo zikae kwenye trei dirishani na daktari wa zamu ashuke kuzisaini saa 6 na saa 9. Trei ilinunuliwa kesho yake.