Barua ya kazi ya kuandika kwa mkono: hesabu mistari kabla hujashika peni

Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya utumishi, na sehemu kubwa ya hiyo kazi ni kupokea maombi ya kazi, kuyachambua na kuyapeleka masijala. Bado kuna waajiri wanaoandika kwenye tangazo kwamba barua iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, na wakisema hivo wanamaanisha, ukileta ya kuchapa inawekwa pembeni hata kabla mtu hajasoma una elimu gani. Na usimpe rafiki mwenye mwandiko mzuri akuandikie, manake siku ya usaili unapewa fomu ujaze hapohapo na miandiko miwili ikilazwa pamoja tofauti inaonekana bila kuwa mtaalamu.

Sasa watu wengi wakiniuliza kuhusu hizi barua wanauliza kitu kimoja, nikikosea nifanyeje. Jibu langu siku zote ni kwamba kosa ulilofanya mstari wa 22 ulilitengeneza kabla hujaandika neno la kwanza. Nieleze kwa mfano wa mpwa wangu, alikuwa anaomba kazi ya mtunza kumbukumbu, akaja kwangu na karatasi nne zilizoharibika akaniambia "Shangazi, hii ya nne sasa, mkono wangu una nini?" Nikazipanga zote nne mezani. Zote zilikuwa safi kabisa mpaka theluthi ya mwisho, halafu kuanzia hapo herufi zinapungua ukubwa, mistari inasogeleana, na kosa linatokea humohumo. Mkono hauna shida. Alikuwa ameona nafasi inaisha na maneno bado yapo, akaanza kubana na kuharakisha, na mtu akibana anakosea.

Rasimu yake ilikuwa kwenye simu. Hapo ndo tatizo lilipoanzia, simu inavunja mistari inavyotaka yenyewe, haikuambii kitu chochote kuhusu karatasi.

Kwa hiyo tukafanya hesabu. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297 na upana wa 210. Ukiacha milimita 25 juu na 25 chini zinabaki 247, na ukiandika kwa mistari iliyoachana milimita 8, ambayo ni nafasi nzuri kwa mwandiko wa kawaida, unapata mistari 30. Inaonekana mingi, lakini toa vitu ambavyo lazima viwepo. Anwani yako juu kulia mistari mitatu na tarehe mmoja, ruka mmoja, anwani ya mwajiri kushoto mistari minne, ruka mmoja, salamu mmoja, kichwa cha barua kile cha YAH mmoja, ruka mmoja, hapo 13 imeshaenda. Chini napo unaruka mmoja, "Wako mtiifu" mmoja, miwili ya sahihi, mmoja wa jina kamili, hiyo ni mitano. 30 toa 18 unabaki na mistari 12 ya kusema unachotaka kusema. Mpwa wangu kwa mwandiko wake anaingiza maneno kama 8 kwenye mstari, na rasimu yake ilikuwa na maneno 140, yaani mistari 18 kwenye nafasi ya 12. Hata angeandika karatasi ishirini zingeharibika palepale.

Wengine watasema si aendelee ukurasa wa pili. Mimi sishauri. Ukurasa wa pili wenye mistari mitano na sahihi unaweza kuachana na wa kwanza kwenye faili, na kuandika nyuma ya karatasi ni vibaya zaidi kwa sababu wino wa upande mmoja unaonekana upande wa pili na ikitolewa fotokopi inatoka na kivuli. Punguza maneno. Barua yake ilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", sentensi inayokula karibu mstari mzima na haisemi kitu, tukaitoa. Aya ya kwanza ikabaki "Naomba kazi ya mtunza kumbukumbu iliyotangazwa na ofisi yako tarehe 3 Machi", maneno 12, mistari miwili. Aya ya pili ya elimu na kazi aliyowahi kufanya tukaipa mistari mitano, shule ya msingi na sekondari tukazifuta maana ziko kwenye wasifu wake. Aya ya mwisho mitatu, ikataja viambatisho na lini anaweza kuanza kazi. Jumla 10, miwili ikabaki ya akiba.

Baada ya hapo rasimu inaandikwa kwa mkono, kwenye karatasi ya ukubwa uleule, na hapa kuna siri ambayo naiamini kuliko zote: kila mstari wa rasimu uishie neno lilelile litakaloishia mstari wa nakala safi. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, "nimeambatanisha" peke yake ni herufi 15, ukifika ukingoni bila kupanga unalazimika kulikata au kulibana. Mimi sikati kabisa, kama halienei linashuka mstari wa chini na pale kulia panabaki wazi, haina shida, upande wa kulia haulazimiki kunyooka kama wa kushoto. Ukiwa na rasimu ya hivo unanakili mstari kwa mstari, unaweka rula chini ya mstari unaoandika, ukimaliza unaishusha. Hii inazuia lile kosa la jicho kuruka, ambalo hutokea hasa mistari miwili ikianza na neno moja. Karatasi yake ya nne ilikufa hivo, mistari miwili ilianza na "katika", akaruka mmoja mzima bila kujua mpaka aliposoma tena.

Kuhusu kunyoosha mistari kwenye karatasi nyeupe, tafadhali usichore kwa penseli halafu ufute. Raba inavuta wino, inaacha ukungu wa kijivu, na alama ya penseli ikikandamizwa haitoki. Chukua karatasi nyingine, chora mistari mieusi minene kwa rula kila milimita 8, chora na pambizo, halafu iweke chini ya karatasi safi uzibane pamoja kwa klipu juu. Karatasi ya kawaida ya gramu 80, angalia kwenye rimu imeandikwa 80 g/m², inapitisha mistari hiyo vizuri kwenye mwanga wa kutosha. Ya gramu 100 ni nzuri zaidi mkononi ila mistari inaonekana kwa shida kidogo, nenesha wino wa karatasi ya chini. Kama tangazo limesema karatasi ya mistari basi tumia ya mistari, ila isiwe imechanwa kwenye daftari.

Pambizo la kushoto liwe milimita 25, na sababu yake iko masijala. Mashine ya kutobolea inaweka matundu ambayo katikati yake iko milimita 12 kutoka ukingoni na tundu lina upana wa milimita 6, yaani mpaka milimita 15 za karatasi yako zinaweza kuliwa, na karatasi ikishaingia kwenye faili inapinda zaidi ya hapo. Nimeona barua ambazo mwanzo wa mstari umetobolewa, na mara nyingine ni tarakimu ya kwanza ya namba ya simu. Kulia 20 zinatosha.

Peni sasa. Tangazo likitaja rangi fuata hiyo hata kama hupendi, lisipotaja tumia nyeusi, inatoka vizuri kwenye fotokopi na skana kuliko bluu ya kung'aa. Mimi napendelea peni ya kawaida ile yenye kigololi kidogo nchani na wino mzito wa mafuta, unakauka haraka na maji hayaufanyi kitu kikubwa. Ubaya wake inakusanya uchafu wa wino nchani halafu inaudondosha kama nukta nene hasa baada ya herufi za mviringo, kwa hiyo kuwa na tishu karibu, futa ncha kila baada ya mistari miwili mitatu. Weka pia karatasi mbili tatu chini ya unayoandikia, kwenye meza ngumu peke yake hizi peni zinarukaruka. Peni za jeli zina weusi mzuri sana lakini wino unakaa mbichi kwa muda, na ukiandika kwa mkono wa kushoto utaupitia na kiganja. Jaribu kabla, andika neno, hesabu mpaka kumi, pitisha kidole, halafu dondoshea tone la maji. Fanya kwenye karatasi ya rimu ileile, maana karatasi nyingine zinanyonya wino na herufi zinatoa manyoya pembeni, hilo ukiliona badilisha karatasi au peni mapema.

Kuna peni moja naomba uiache kabisa, zile zinazofutika kwa kusugua na kitako chake. Watu wanazipenda kwa barua hizi wakidhani wamepata dawa ya makosa, lakini ule wino hauondoki kwenye karatasi, unapoteza rangi tu kwa joto la msuguano, na ukifika karibu nyuzi 60 barua nzima inapotea. Gari lililofungwa juani au mashine ya kulaminia inatosha. Imewahi kufika mezani kwangu karatasi nyeupe yenye mikwaruzo tu, tulijua ni barua kwa sababu ya vyeti vilivyobanwa nayo, na huyo mtu hakuitwa.

Na wino mweupe wa kufutia, hapana. Kwangu mimi kosa lenyewe halinishtui, shida ni kwamba kwenye waraka wa kiofisi sehemu iliyopakwa nyeupe inaleta swali nani amebadilisha nini, hasa ikiwa kwenye tarehe, jina au namba, na baada ya muda unapasuka na kubanduka na kosa la chini linachungulia. Kukata kwa mstari mmoja na kuandika juu ni uaminifu zaidi lakini bado ni barua chafu. Ukikosea, anza karatasi mpya, ndo maana nasema andaa karatasi tano, na usianze hapohapo ukiwa na hasira, inuka kwanza dakika kumi. Kabla ya kuanza andika mistari miwili kwenye karatasi chakavu mkono upate moto, na weka kipande cha karatasi chini ya kiganja jasho lisiguse unapokwenda kuandika, maana penye unyevu na mafuta ya mkono peni inakataa.

Mpwa wangu alimaliza kwenye karatasi ya pili. Ya kwanza aliiharibu kwenye tarehe, aliandika mwezi uliopita, ikawa haina uchungu kwa sababu ilikuwa mstari wa nne tu. Sahihi aliweka mwisho baada ya kusoma yote kwa sauti, akaiacha wazi mezani nusu saa wino ukauke, ndo akaiweka bila kuikunja kwenye bahasha kubwa ya C4, juu ya nakala za vyeti.