YouTube haijakufungia, watu wamekukimbia

Safari hii ni kijana anayetembeza wageni kwenye magofu ya mji wa kale wa Gede. Kanitumia picha ya skrini ya YouTube Studio, kaizungushia duara jekundu CTR ya asilimia 11, yaani kati ya kila watu 100 walioonyeshwa video, 11 waliibonyeza, kisha ujumbe wa sauti: "Anko, watu wanabonyeza lakini wamenizima. Si wamenifungia hawa?" Hapa Malindi nahariri video za watu wengi, na swali hili nimelijibu WhatsApp hadi kidole kimechoka. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Video yenyewe ni ya dakika 9. Kichwa: "MAJINI WALINIFUKUZA GEDE USIKU!!" Kijipicha, ile picha ndogo ya kubonyezea, kina uso wake umetoa macho, moshi, na kivuli cheusi kwenye mlango wa kasri. Ukifungua, ni mchana kweupe. Anaeleza Msikiti Mkuu, anaonyesha kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, anakwenda kwenye visima, halafu anauliza watu wa mji ule walihama kwa nini mwanzoni mwa karne ya 17. Jini hayumo. Karibu na dakika ya 7 anasema wazee huamini pale pana wenyewe, basi. Kinachoniudhi ni kwamba video ni nzuri! Kijana anajua kazi yake, ila kawaita watu wa jini akawapokea na historia.

Imani inayonichosha ni hii: kazi ya kichwa ni kumfanya mtu abonyeze, na akishabonyeza, algoriti itasukuma. Ilikuwa na ukweli fulani zamani. Tangu 2012 YouTube ilianza kupima muda ambao watu wanatazama badala ya kuhesabu mibonyezo mitupu, na baadaye ikaongeza kuwauliza watazamaji wenyewe kama wameridhika. Tuchukue hesabu ya mfano. Kijipicha kimepita mbele ya watu 1,000. Kichwa cha majini kinaleta mibonyezo 110, kila mmoja anakaa sekunde 48, jumla dakika 88. Kichwa cha kweli kinaleta mibonyezo 60 tu, lakini kila mmoja anakaa dakika 4 na sekunde 10, jumla dakika 250. Sasa ukiwa wewe ndiwe unayepanga ukurasa wa mwanzo wa mtu, utaweka ipi? Hata kile kifaa cha Studio cha kujaribisha vijipicha vitatu hakimpi ushindi kile kilichobonyezwa zaidi. Kinaangalia kipi kilileta muda mwingi wa kutazamwa.

Tena hiyo CTR ya 11 isikutie kichwa kikubwa. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo 11 inapendeza, lakini video ikionyeshwa kwa wachache wanaokujua tayari, CTR hupanda yenyewe. Ikianza kusambazwa kwa wageni, hushuka, na hilo si balaa. Na kama kijipicha kimepita mbele ya watu 200, usinitumie hata hiyo picha ya skrini.

Sasa hapa ndipo wengi huniambia: "Kwa hiyo niandike 'Historia ya Gede' nife njaa?" La hasha. Hicho si kichwa, hicho ni lebo ya faili. Kuna tofauti kati ya kuficha jibu na kudanganya kuhusu swali, na watu wanazichanganya kila siku. "Mji wenye misikiti na visima, mbona waliuhama?" kinaficha jibu, na kina haki ya kulificha, kwa sababu swali lenyewe ndilo linalozungumzwa ndani. Wako wanaotaja mashambulizi ya Wazimba mwaka 1589, wako wanaotaja Waoromo, wako wanaotaja visima kupungua maji. Mtazamaji anaweza kuondoka bila jibu moja la uhakika na bado asijione ametapeliwa.

Kipimo changu ni rahisi. Nakiandika kichwa, halafu nakijibu kwa sentensi moja ya ukweli, kama vile ningemjibu mtu barazani. "Majini walinifukuza Gede usiku." Jibu: hapana, nilikwenda saa 4 asubuhi na hakuna aliyenifukuza. Hapo ungenirushia kiatu. "Mbona waliuhama?" Jibu: pengine maji, pengine vita, twende nikuonyeshe visima. Hapo unanifuata.

Kuna na aina ya tatu, ambayo haina uongo wala swali: "HUTAAMINI NILICHOKIONA LEO." Hiyo imeficha hadi mada. Mpenda historia hajui kama ni yake, mpenda majini hajui kama ni yake, anayebonyeza ni asiye na kazi, na huyo ndiye wa kwanza kuondoka.

Utajuaje kama kosa ni kichwa au ni mwanzo wa video uliopooza? Fungua grafu ya watazamaji waliobaki, angalia sekunde ya 30. Kushuka kidogo ni kawaida kwa kila mtu. Kisha tenganisha walikotoka watazamaji. Kwa kijana wetu, waliofika kwa kutafuta "Gede" walikaa, waliofika kutoka ukurasa wa mwanzo walitoweka. Mwanzo wa video ni ule ule kwa wote, kwa hiyo tatizo ni ahadi waliyobeba wakija. Halafu kulikuwa na kinundu dakika ya 7, pale pa wazee na wenyewe wa mahali. Watu waliruka mbele kumtafuta jini wao, wakamkosa, wakafunga.

Nikiri kitu kimoja ambacho wauza kozi hawakuambii. Ziko chaneli za umbea zinazodanganya kila wiki na bado zinakua, na maelezo yangu kwa hilo hayaniridhishi mwenyewe. Nadhani watazamaji wao wameshaujua mchezo na huja kwa kelele zenyewe. Lakini wewe unataka mgeni akuamini hadi akulipe umtembeze. Mtu wa namna hiyo akibonyeza "Usipendekeze chaneli hii", hutamwona tena, na Studio haitakuletea jina lake umwombe radhi.

Mengine haraka haraka. Majina ya wanamuziki wa Bongo uliyoyajaza kwenye tagi, toa. Tagi husaidia kidogo sana, zaidi pale watu wanapokosea tahajia; kwa mfano andika "Gedi" pia. Kuweka majina yasiyohusika ni kosa la kanuni zao za taarifa za kupotosha, sawa na kichwa cha uongo. Mara nyingi huanza na onyo, kisha adhabu, na adhabu tatu ndani ya siku 90 chaneli inaondolewa. Hapo sasa ndipo utasema umefungiwa.

Kijana nilimwambia abadilishe kichwa, atoe moshi, aweke picha ya kisima kutoka juu, na ile sehemu ya visima ailete ndani ya sekunde 20 za mwanzo. Kubadilisha kichwa hakuadhibiwi. Mfumo unafuata watazamaji wapya wanavyoitikia, ingawa waliokwisha kukimbia hawarudi kwa sababu hiyo. Akaniuliza kama anaweza kubakiza japo neno "majini" mahali fulani. Nikamwambia arudi Gede, akae na wazee, arekodi simulizi zao kwa dakika 10, na hiyo aiite "Wazee wanasema nini kuhusu majini wa Gede". Hiyo nitaibonyeza mwenyewe.