Wimbo wa kuhesabu wa kuitikizana ni nini?

Huu ni wimbo wa darasa la chekechea ambao mwalimu huanzisha mstari na watoto wakaupokea, huku namba ikipanda kila mzunguko. Mzunguko mmoja hufanana na mwingine karibu neno kwa neno. Kinachobadilika ni namba tu, kwa hiyo ndiyo sikio la mtoto hukaa likiisubiri.

Itikio lenyewe ni la aina mbili. Watu huzichanganya, nami naona hapo ndipo kazi yote ilipo. Mwalimu akisema "Tatu!" na watoto wakasema "Tatu!", wamerudia sauti. Si lazima wawe wamehesabu. Akisema "Ongeza kingine!" na wao wakajibu "Vitatu!", namba imetoka kwao. Chukua wimbo huu mfupi, unaoimbwa na vizibo vya soda mezani:

Mwalimu: Kizibo mezani!
Watoto: Kimoja!
Mwalimu: Ongeza kingine!
Watoto: Viwili!
Mwalimu: Ongeza kingine!
Watoto: Vitatu!
Mwalimu: Jumla vingapi?
Watoto: Vitatu!

Kila anapoimba "ongeza", kizibo kimoja kinawekwa na kofi moja linapigwa. Kofi ni moja kwa kila namba, wala si kwa kila silabi. Kuanzia moja hadi kumi, namba zetu zote zina silabi mbili (hata nne: n-ne), na mtoto anayehesabu kwa kidole hugusa kizibo kimoja kwa "ta" na kingine kwa "no". Ukimwona amefika tano na mezani vimo kumi, kosa ni hilo.

Mstari wa "Jumla vingapi?" usiuache. Unamfundisha mtoto kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote. Wanasaikolojia Rochel Gelman na Randy Gallistel waliieleza kanuni hiyo mwaka 1978, pamoja na ile ya kila kitu kupata namba yake moja. Mtoto ambaye bado hajaishika, ukimuuliza "vingapi?" baada tu ya kuhesabu, huanza upya: kimoja, viwili...

Kwa watoto wadogo ningeishia vitano. Kimoja, viwili, vitatu, vinne na vitano vyote vina silabi tatu, na mdundo unakaa sawa. Sita haichukui "vi", kwa hiyo mstari unapungua silabi, na mtoto aliyezoea mtiririko huweza kusema "visita". Ametumia kanuni aliyoisikia mara tano. Mwimbie tena "sita" na muendelee.

Udhaifu wa kuitikia kwa pamoja ni kwamba sauti za wengi humficha asiyejua. Yeye hudaka neno la jirani na kulitoa akichelewa kidogo, macho yakiwa kwenye midomo ya wenzake badala ya vizibo. Wakizoea wimbo, mwite mmoja aitikie peke yake, kisha siku nyingine anza na vizibo viwili tayari mezani.